Karatasi, kadi au kidole: kwanza tafuta mahudhurio yanavujia wapi

*"Mimi ni mratibu wa kituo kidogo cha ufundi hapa Morogoro. Tuna wanafunzi 96 wa uashi, uchomeleaji na ushonaji, 32 kila darasa, kozi ya wiki 12. Mfadhili anatoa nauli ya shilingi 4,000 kwa kila siku ambayo mwanafunzi amehudhuria. Sasa analalamika kwamba karatasi zetu za sahihi haziaminiki. Mojawapo inaonyesha darasa la uashi limejaa siku ambayo mvua ilifunga njia. Muuzaji ametuletea mashine ya alama za vidole, shilingi 1,450,000 pamoja na programu na kufunga. Mwalimu mmoja anataka kadi za kugusisha kwa sababu ya foleni ya asubuhi getini. Wanafunzi kadhaa wamesema hawatoi vidole vyao. Mimi naona mashine ya vidole ndiyo mwisho wa udanganyifu, ila nasita. Tuchague nini?"*

Ndugu mratibu, kusita kwako kuna msingi, na nitaanzia kwenye hayo maneno "mwisho wa udanganyifu" kwa sababu ndiyo yatakayokugharimu. Mashine ya vidole inajibu swali moja tu: je, kidole kilichobonyezwa sasa hivi ndicho kilichosajiliwa kwa namba hii? Basi. Haijui kama mwenye kidole alikaa darasani hadi saa nane au alibonyeza akarudi kituo cha bodaboda. Haijui kama jina lililoandikwa kwenye hiyo namba ni la mtu wa kweli. Haijui nani atafungua programu jioni na kuongeza majina. Inaziba tundu moja, lile la rafiki kumsainia rafiki, na inaliziba vizuri. Kabla ya kutoa milioni na nusu, ni vema ujue kama tundu lako ni hilo.

Mimi sidhani kama ni hilo, na kinachonifanya nidhani hivyo ni siku yako ya mvua. Mwanafunzi akimsainia mwenzake, atamsainia mmoja, akithubutu sana wawili, kwa sababu mwalimu yupo na wenzake wanamtazama. Hawezi kujaza darasa zima siku ambayo nusu ya darasa haikufika. Karatasi inayoonyesha watu 32 siku ambayo njia zimefungwa kwa kawaida haikujazwa getini asubuhi. Ilijazwa baadaye, mezani, na mtu aliyeweza kuishika wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Simtuhumu mtu wako kwa wizi. Huwa ni mwalimu mwenye huruma anayeona si haki vijana wakose nauli kwa sababu ya mvua, au karatasi ililowa ikabidi iandikwe upya Ijumaa mhasibu akisubiri. Lakini mfadhili hawezi kutofautisha huruma na wizi akiwa na karatasi peke yake, na hana sababu ya kukisia.

Unaweza kulithibitisha hili leo bila kununua kitu. Toa karatasi za wiki hiyo ya mvua, ziweke kando ya karatasi za wiki ya kawaida. Karatasi iliyopita mikononi mwa mafundi uashi inachafuka: ina vumbi la saruji kwenye kona, imekunjwa, kalamu zimebadilika katikati, sahihi nyingine zimevuka mstari kwa sababu mtu alisaini kwenye goti au kwenye tofali. Iliyojazwa mezani ni safi, wino ni mmoja kuanzia juu hadi chini, na ukiigeuza ukapitisha kidole kwa nyuma utasikia mgandamizo wa kalamu ni ule ule mstari kwa mstari. Safu ya muda nayo husema: watu wote 32 wamefika saa 2:00 kamili. Halafu chukua sahihi kumi uzilinganishe na zile za fomu za kujiunga. Huhitaji mtaalamu wa maandishi. Sahihi kumi zilizotoka mkono mmoja zinalalia upande mmoja.

Baada ya hapo pima, kwa sababu hisia zangu na zako hazitoshi kumwonyesha mfadhili. Kwa siku kumi za masomo, wewe au mtu asiyefundisha darasa husika apite kila darasa mara moja kwa siku, saa ambayo haijatangazwa, tuseme kati ya saa nne na saa saba. Ahesabu vichwa, aandike idadi kwenye daftari lake, kisha aichukue karatasi ya siku hiyo aipige picha palepale kwa simu. Asimwambie mtu kwa nini. Ijumaa, karatasi zikishafika kwa mhasibu, utakuwa na namba tatu kwa kila darasa kila siku: vichwa, sahihi kwenye picha, na sahihi kwenye karatasi ya malipo.

Tuseme darasa la uashi Jumanne lilikuwa na vichwa 24, picha ina sahihi 26, na karatasi ya mhasibu ina sahihi 31. Tofauti ya kwanza, watu wawili, imetokea mlangoni: ama walisainiwa na wenzao, ama walisaini wakaondoka. Tofauti ya pili, watu watano, imetokea baada ya picha, yaani mezani. Hapa mashine ya vidole itagusa wale wawili tu, na kama wawili hao walifika kweli wakaondoka, haitagusa hata mmoja.

Sasa weka fedha. Jina moja lisilo halali kila siku kwa kozi nzima ya siku 60 ni shilingi 240,000. Gawanya bei ya mashine kwa hiyo unapata kama sita. Yaani ili mashine ijilipe ndani ya kozi moja, lazima izuie majina sita ya uongo kila siku, tena yote yawe ya aina ile ya kusainiana. Kama kipimo chako kitaonyesha mawili, itahitaji kozi tatu, na hapo hujahesabu fundi wa kuitengeneza wala muda wa kusajili kila kundi jipya.

Utaniambia mashine angalau haiwezi kujazwa mezani. Kwa masikitiko, inaweza. Programu nyingi za mahudhurio zina sehemu ya kuingiza rekodi kwa mkono, iliyowekwa kwa nia njema kwa ajili ya mtu aliyesahau kubonyeza au siku umeme ulipokatika. Mwenye neno la siri la programu anaweza kuongeza saa 1:55 ya asubuhi kwa mtu ambaye hakuja, na taarifa itakayochapishwa itaonekana nadhifu kuliko karatasi yoyote. Zaidi ya hapo, mashine nyingi ndogo za ukutani hutoka kwenye boksi bila msimamizi. Mpaka umsajili msimamizi wa kwanza, mtu yeyote akibonyeza kitufe cha menyu anaingia, anaongeza mtu, anafuta mtu, anabadili saa. Nenda kwenye ofisi yoyote iliyofungiwa mashine hizi kwa haraka, bonyeza menyu uone kama inakuuliza chochote.

Halafu kuna usajili wenyewe. Mashine inafunga kidole kwenye namba. Haifungi mtu kwenye jina. Binadamu ana vidole kumi. Kijana mmoja akisajili kidole cha shahada cha kulia kwa jina lake, na cha shahada cha kushoto kwa jina la binamu yake, mashine itawaona watu wawili na kila asubuhi itawapokea wote wawili. Wafanyakazi hewa waliosakwa serikalini mwaka 2016 walikuwa na majina kwenye orodha ya malipo. Orodha ikiwa mbovu, kifaa cha mlangoni kinakuja kuipa mhuri. Kwa hiyo chombo chochote utakachochagua, karatasi ikiwemo, siku ya usajili ndiyo siku yako ya kazi: kila mwanafunzi mbele ya mwalimu wake na wenzake, kitambulisho mkononi, sura ikilinganishwa, picha ikipigwa, na orodha ikifungwa kwa sahihi mbili.

Nihamie kwenye foleni, maana hapo mwalimu wako ana hoja ya kweli, ingawa dawa aliyoipendekeza si ya kwanza. Foleni haitokani na wastani wa siku nzima. Inatokana na dakika kumi za mwisho. Kati ya wanafunzi 96, chukulia 70 wanafika kati ya saa 1:50 na saa 2:00. Huyo ni mtu mmoja kila sekunde nane na nusu hivi. Kifaa kinachomhudumia mtu kwa muda mfupi kuliko huo hakitakuwa na foleni. Kinachozidi, foleni itakua mpaka watu waache kuja.

Daftari moja getini, mtu atafute jina lake, aandike saa, asaini: sekunde 20. Kwa watu 70 ni dakika 23. Hiyo ndiyo foleni yenu. Kadi ya kugusisha, pamoja na mtu kuitoa mfukoni: sekunde tatu, dakika tatu na nusu kwa wote. Kidole kinachosomeka mara ya kwanza: sekunde tano. Lakini kidole kilichokataa, kikafutwa kwenye suruali, kikajaribiwa tena, kisha kikabadilishwa kingine, kinakula sekunde 25. Ikiwa mmoja kati ya kila watano ana kidole cha namna hiyo, watu 56 watatumia sekunde 280, na wale 14 sekunde 350. Jumla 630, zaidi kidogo ya dakika kumi ulizonazo. Hapo mashine imejaa tayari kabla mtu hajabishana nayo. Namba hizi ni za makadirio. Simama getini asubuhi moja na saa ya simu upime zako, kisha rudia hesabu.

Lakini angalia: karatasi ndicho kifaa pekee kati ya vitatu unachoweza kukigawa bila gharama. Daftari la getini ni kosa la mpangilio. Toa karatasi tatu, moja kwa kila darasa, mwalimu aanze somo, karatasi izunguke watu wakiwa wamekaa. Foleni imekwisha kabisa, wala hukununua kitu.

Hiyo karatasi nayo isiwe ile mliyonayo. Majina yachapishwe tayari kwa mpangilio wa alfabeti, pamoja na namba ya usajili, ili asiwepo wa kuongeza jina chini. Kuwe na sahihi mbili, ya asubuhi na ya kutoka, kwa sababu hiyo ya pili ndiyo inayomshika aliyesaini akaondoka. Saa 2:20 mwalimu aichukue, apige mstari kwenye kila nafasi iliyobaki wazi, kisha aandike chini kwa tarakimu na kwa maneno: "Waliopo 24, ishirini na wanne", asaini. Atakayechelewa ataandikwa kwa wino mwekundu nyuma ya karatasi, na saa yake ya kufika. Mara tu mwalimu anapomaliza, picha ya karatasi iende kwenye kundi la WhatsApp la watu watatu: wewe, mhasibu na mtu wa mfadhili. Mchana, baada ya sahihi za kutoka, picha ya pili. Picha zilizofika saa 2:25 na saa 8:05 haziwezi kuandikwa upya Ijumaa. Tundu lako la mezani limezibwa kwa simu ambayo mwalimu anayo tayari.

Kuhusu kazi ya kuingiza majina kwenye kompyuta, ambayo wauzaji huikuza sana: wanafunzi 96 kwa siku tano ni rekodi 480 kwa wiki. Mwambie mhasibu asiingize waliopo. Aingize wasiokuwepo tu, na jedwali la Excel lijaze wengine wenyewe. Kama wanakosa watu kumi kwa siku, ni rekodi 50. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Kadi basi zina nafasi gani? Zinafaa pale ambapo watu ni wengi kuliko darasa moja linavyoweza kuzungusha karatasi, au taarifa inahitajika siku hiyo hiyo. Kadi tupu si ghali, na kisomeo chake ni rahisi kuliko cha vidole. Udhaifu wake unajulikana: kadi haijui iko mkononi mwa nani. Kijana mmoja atakuja na kadi nne mfukoni. Zile za bei ndogo zinazotoa namba tu bila ulinzi hunakiliwa kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi, ila kwa mahudhurio sihofii kunakili kwa sababu kuazimana ni rahisi zaidi. Na mtu akikushauri uchapishe msimbo wa QR badala ya kadi ili kuokoa fedha, kumbuka kwamba picha ya msimbo inasafiri kwa simu kwa sekunde moja. Kadi inaaminika tu pale ambapo kuna mtu amesimama kando ya kisomeo, kioo kinaonyesha picha ya mwenye kadi, na mtu huyo anatazama sura. Ukiwa na mtu wa kusimama hapo kila asubuhi, kadi ni nzuri. Ukiwa huna, umenunua karatasi ya plastiki.

Sasa vidole vyenyewe, na wanafunzi wako wa uashi. Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba. Kisomeo hakihifadhi kidole chote. Kinatafuta mahali ambapo tuta linaishia au linagawanyika mara mbili, kinaandika nafasi na mwelekeo wa kila sehemu hiyo, na kuhifadhi hizo nafasi kama kiolezo. Ukirudi kesho hubonyezi sawasawa na jana: umekandamiza zaidi, umeinamisha, una jasho. Ndiyo maana mashine haitafuti ulinganifu kamili. Inapima kiasi cha kufanana, na kikivuka kiwango fulani inakubali. Kiwango hicho kinawekwa na mtu. Ukikipandisha, wenye haki wengi watakataliwa. Ukikishusha, mashine itaanza kumpokea mtu kwa jina la mwingine. Malalamiko yakizidi, mfungaji atakuja kukishusha kimyakimya na kila mtu atafurahi. Ndipo utakapoona Salma amefika mara mbili na Rehema hakufika, wakati wote wawili wamekaa mbele yako.

Saruji mbichi ni kali kama magadi, na mchanga na tofali vinasaga. Fundi anayeshika chokaa kwa mikono mitupu hupoteza matuta ya juu ya ngozi ndani ya wiki chache. Hayajafutika milele, kwa kuwa mchoro wake unatoka tabaka la ndani na hurudi akipumzika, lakini wewe unataka kumsoma Alhamisi hii. Wachomeleaji wana makovu ya cheche. Washonaji huwa hawana shida, isipokuwa hina iliyokolea kwenye ncha za vidole baada ya harusi huweza kusumbua baadhi ya visomeo. Kwa hiyo mzigo wa mashine hautagawanyika sawa. Utawaangukia wale wanaojifunza kazi ngumu zaidi, na kwa kuwa sahihi ya mashine ni nauli, kijana atarudi nyumbani bila 4,000 kwa sababu amefanya mazoezi aliyoambiwa afanye.

Ukiwa bado unaitaka, mwambie muuzaji aiache wiki mbili kwa majaribio kabla ya malipo yoyote. Sajili wanafunzi 20 wa uashi Jumatatu asubuhi, vidole viwili kila mmoja, kimoja kikiwa cha mkono asiotumia sana kushika mwiko. Usiwapime Jumatatu hiyo hiyo, maana hapo kila mashine hufaulu. Wapime Ijumaa saa nane, wakitoka kupiga lipu, wamenawa kwa maji tu. Andika ni wangapi wamesomwa mara ya kwanza, wangapi mara ya pili, wangapi walishindwa. Zaidi ya wawili kati ya 20 wakihitaji kujaribu zaidi ya mara mbili, mrudishie mashine yake. Chomoa pia umeme kwa saa nne halafu uangalie kama imeendelea kufanya kazi na kama saa yake haijapotea. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine nyingi hurudisha tarehe hadi mwaka 2000, na mahudhurio ya wiki nzima yanaangukia huko.

Wanafunzi waliokataa kutoa vidole wasichukuliwe kama wenye la kuficha. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, Watanzania wengi wamewahi kuambiwa na wakala "weka tena, haijasoma", kisha baadaye wakabonyeza *106# na kukuta namba wasizozijua kwenye kitambulisho chao. Hofu yao ina historia. Muuzaji atakwambia mashine haihifadhi picha ya kidole, ni namba tu. Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini watafiti wameshaonyesha kwamba kutoka kwenye kiolezo inawezekana kujenga upya picha ya kidole inayoweza kuipita mashine. Na neno la siri likivuja unalibadili, kidole huwezi kukibadili.

Sheria nayo iko upande wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka taarifa za baiometriki kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzichakata kunataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Kituo kinachokusanya taarifa binafsi kinatakiwa kusajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 inayozihesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti vilevile. Sasa fikiria ridhaa ya kijana anayeambiwa "bonyeza au ukose nauli". Ameandika jina lake, ila hakuwa na njia nyingine. Ridhaa inasimama tu ukiwepo mlango wa pili ulio sawa: asiyetaka kidole asaini karatasi mbele ya mwalimu, na alipwe siku ile ile na wenzake. Kwa aliye chini ya miaka 18, zungumza na mzazi au mlezi. Kwenye mkataba na muuzaji iandikwe violezo vinakaa wapi, ndani ya mashine tu au kwenye seva yake, na kama seva iko nje ya nchi, maana kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake. Iandikwe pia kwamba kozi ikiisha violezo vyote vinafutwa mbele ya shahidi. Mashine ikiharibika isiende kwa fundi na vidole vya watu 96 ndani yake.

Usidhani hata hivyo kwamba karatasi ni salama kwa sababu haina umeme. Karatasi nyingi za mafunzo nilizoziona zina jina, namba ya simu, namba ya NIDA na sahihi, zote kwenye mstari mmoja, zikizunguka mikononi mwa watu thelathini wenye kamera. Huo ni mkusanyo kamili wa kumtapeli mtu. Kwenye karatasi ya kila siku acha jina, namba ya usajili na sahihi peke yake. Simu na NIDA zikae kwenye daftari moja la usajili, kabatini, ufunguo kwako. Na kile kikundi cha WhatsApp kibaki cha watu watatu. Picha zifutwe kwenye simu za walimu baada ya malipo ya wiki.

Kwa kituo chenye wanafunzi 96 na madarasa matatu, mimi nisingenunua chochote kozi hii. Ningehamisha karatasi kutoka getini kwenda madarasani, ningeanza picha za saa 2:25 na hesabu ya vichwa ya kushtukiza, na ningempelekea mfadhili namba tatu za siku kumi kama zilivyo, hata kama zinaaibisha. Kuhusu siku za mvua, muulize waziwazi kama anaweza kukubali siku chache za dharura zinazolipwa kwa tangazo lenye sahihi yako, ili mwalimu mwenye huruma asilazimike kughushi. Baada ya kozi hii, picha ikiendelea kuzidi vichwa kwa watu sita au zaidi kila siku na umethibitisha ni kusainiana, jaribu kadi zenye picha kwanza. Kidole ningekifikiria kwa washonaji na kwa watumishi wenu wa kudumu, si kwa waashi.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Kabla ya kusaini mkataba wa mashine yoyote ya vidole, mpelekee wakili rasimu yake, au nenda Tume uulize kituo chenu kinatakiwa kujisajili vipi. Na kama ukilinganisha karatasi utakuta jina ambalo hakuna mwalimu anayelifahamu na limekuwa likilipwa, acha kupima, acha kuuliza walimu. Usirekebishe wala kuandika chochote juu ya karatasi hizo. Zifungie pamoja na fomu za kujiunga na hati za malipo, andika tarehe uliyozifungia, na umwite mkaguzi wa hesabu kabla ya malipo ya Ijumaa inayofuata.